Dada yangu yuko eda, mwajiri anasema sheria inampa siku 4 tu. Tumweleze vipi?

bintiSalha:
Assalaam alaykum na habari zenu wote. Shemeji yangu amefariki tarehe 2 Juni, tumeshamzika, na dada ameingia eda. Dada ni mhasibu kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo hapa Dar. Yeye ndiye anayeandaa mishahara na malipo ya wazabuni.

Meneja wake ni mgeni, alikuja nchini mwaka jana. Si mtu mbaya, rambirambi alileta mwenyewe hadi mlangoni. Ila siku ya tatu akapiga simu kuuliza kama dada atakuwa kazini wiki inayofuata. Nikamwambia mjane wa Kiislamu anakaa miezi minne na siku kumi. Akanyamaza, kisha akaniuliza ni nani kwenye familia aliyeamua hivyo, na kama familia inaweza kupunguza. Jioni yake afisa utumishi akatuma barua pepe kwamba sheria ya kazi inatoa siku 4 za msiba, zikiisha dada aripoti.

Dada hana hali ya kuandika chochote sasa hivi, barua nitaiandika mimi naye atie saini. Nataka huyu meneja aelewe ni kitu gani anaombwa. Asione tunadai sikukuu ya miezi minne. Aliyewahi kupita njia hii anisaidie.

KijanaWaKazi:
Poleni sana. Njia nyepesi ni hospitali. Aende kwa daktari aandikiwe mapumziko. Likizo ya ugonjwa kisheria ni siku 126, nusu ya kwanza mshahara kamili na nusu ya pili mshahara nusu. Eda yote inaingia humo karibu kamili na hakuna haja ya kumfundisha mzungu dini.

Mzee wa Utumishi:
Poleni kwa msiba, binti. Nimefanya kazi za utumishi kwenye viwanda na makampuni kwa miaka mingi, na maombi ya eda nimeyapokea upande wa pili wa meza, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Kwanza nimjibu kijana hapo juu. Hizo 126 umezitaja sawa, 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, lakini ni za mgonjwa. Kuwa eda si ugonjwa. Akipeleka cheti cha daktari cha ugonjwa ambao hana, siku kikigundulika kesi haitakuwa ya msiba tena, itakuwa ya udanganyifu, na mtu anayeshika mishahara ya wenzake hawezi kubaki kazini na kesi ya namna hiyo. Akiugua kweli kwa huzuni, akakosa usingizi, presha ikapanda, hapo aende kwa daktari kwa haki yake na cheti kitakuwa cha kweli.

Sasa swali lako. Meneja alipouliza ni nani kaamua, alikuwa anauliza kitu cha maana kuliko ulivyomsikia. Huko kwao muda wa kukaa msibani anaupanga mfiwa mwenyewe na jamaa zake, na unategemea moyo wa mtu: mwingine siku tatu, mwingine wiki mbili. Ukimwambia miezi minne na siku kumi bila maelezo, anasikia familia yenye huzuni kubwa inayoomba muda mrefu sana. Ndiyo maana akauliza kama mnaweza kupunguza. Kitu ambacho hajakijua ni kwamba muda huo haukupangwa na nyinyi. Umetajwa kwenye Qurani, sura ya Al-Baqara aya ya 234, ni uleule kwa mjane wa Tanga na mjane wa Jakarta, na baba mkwe hana mamlaka ya kuuongeza wala kuupunguza.

Kwa hiyo barua isimweleze huzuni. Imweleze hali ambayo mfanyakazi wake ameingia, yenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, kama anavyoelewa likizo ya uzazi: hakuna meneja anayemuuliza mama mzazi ni nani kaamua siku 84.

Kabla sijaendelea nijibu mambo matatu. Dada ana ujauzito? Ana siku ngapi za likizo ya mwaka? Na kazi yake ya mishahara inawezekana kufanyika akiwa nyumbani?

Chiku wa Mbagala:
Samahani, mbona mimi najua eda ni miezi mitatu? Rafiki yangu alikaa mitatu akaolewa tena.

ustadh_kheri:
Dada Chiku, hiyo ni eda ya talaka, hesabu yake ni nyingine. Hapa mume amefariki. Mjane anakaa miezi minne na siku kumi, ila mwenye mimba eda yake inakwisha anapojifungua, hata kama ni wiki mbili baada ya mazishi au ni miezi minane. Nadhani ndiyo sababu Mzee ameuliza ujauzito.

bintiSalha:
Chiku umeniwahi, meneja naye alisoma mahali akaniambia ni miezi mitatu. Sasa nimejua alitoa wapi.

Mzee, ahsante sana. Dada hana ujauzito. Likizo ya mwaka amebakiwa na siku 20. Kazi ya mishahara anaifanya kwenye kompyuta mpakato ya ofisi, na wakati mwingine huwa anaimalizia nyumbani usiku. Kinachohitaji ofisi ni kusaini vocha na kupokea ankara za karatasi.

Kuna jambo jingine. Afisa utumishi ameniambia leo kwamba hata hizo siku 4 hazijakamilika. Mwaka jana mtoto alilazwa, dada akachukua 2, kwa hiyo anadai zimebaki 2. Hilo si dhuluma? Msiba na ugonjwa wa mtoto vinahusianaje?

Mzee wa Utumishi:
Linauma, lakini afisa hajakosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inatoa siku 4 za malipo kwa mambo yote hayo kwa pamoja: ugonjwa au kifo cha mtoto, kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Ni jumla ndani ya mzunguko mmoja wa likizo, na mzunguko wa likizo zisizo za mwaka ni miezi 36. Ukifiwa mara tatu ndani ya muda huo, siku ni zilezile 4. Kwa maoni yangu ni kifungu kilichobana kupita kiasi kwa jamii yetu, lakini ndicho kilichopo.

Kifungu hichohicho lakini kinasema mwajiri anaweza kuruhusu siku zaidi, na hizo za ziada anaweza asizilipe. Hapo ndipo mlango wenu ulipo. Msiende pale kudai haki ya siku 130, kwa sababu sheria haikuiandika. Mnaenda kuomba ridhaa, na ridhaa lazima iwe kwenye karatasi. Sisitiza hili kwa dada: kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu, limo kwenye kanuni za utendaji bora za 2007. Nimeona wajane wawili wakipoteza kazi hivyo. Meneja alisema kwa mdomo "chukua muda wako", meneja akahamishwa, aliyekuja hakukuta kitu kwenye faili.

Kitu cha pili, tenganisheni yaliyo ya eda na yaliyo ya msiba. Kisomo cha siku ya tatu, arobaini, wageni wa kutoka mkoani, hayo ni ya familia na mnaweza kuyapangia ratiba. Ukiyachanganya yote kwenye barua moja, meneja anaona arobaini imesogezwa kwa ajili ya shangazi aliyechelewa basi, anahitimisha kwamba na eda nayo inasogezeka. Kwenye barua weka eda peke yake.

Mwana wa Nyanza:
Poleni kutoka Kisumu. Kwetu Kenya ni ngumu zaidi, kwa maana sheria ya ajira ya 2007 haina siku za msiba hata moja. Labda mkataba wa chama cha wafanyakazi uwe nazo, la sivyo unakula zile siku 21 za likizo ya mwaka.

Baba alipofariki mimi ndiye kifungua mimba. Mkubwa wangu kazini Nairobi alikuwa mgeni kutoka nje ya nchi, akanipa siku tatu akidhani mazishi ni kesho. Kwetu Waluo mwili unaweza kukaa mochari wiki kadhaa watu wakichanga na wakisubiri walio mbali, halafu baada ya kuzika bado kuna tero buru, lile tambiko la kufukuza mauti, kunyolewa, na mpangilio wa wana kwa umri. Mdogo wangu hawezi kunitangulia. Nikiondoka kabla, nimewafunga wote nyuma yangu. Yule mkubwa hakuelewa mpaka nilipomwambia hivyo: nisipokuwepo mimi, watu kumi hawawezi kuendelea.

Nawaonea afadhali nyinyi mna tarehe. Sisi tunaomba likizo ya siku ambazo hazijajulikana.

Mzee wa Utumishi:
Pole ndugu. Na kwa hali yako ndiyo naona ni bora kuomba mara mbili: ombi la kwanza la maziko, la pili baada ya kamati kukaa na tarehe kujulikana. Mwajiri anavumilia muda mrefu kuliko anavyovumilia muda usio na mwisho.

Mkunazini:
Huku Zanzibar jambo hili halina ugeni, hata bosi asiye Muislamu anajua kizuka, yaani mjane aliye eda, ni nini. Nakumbusha tu kwamba sheria anayoitaja Mzee ni ya Bara. Sisi tuna yetu, Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005, na watumishi wa serikali wana kanuni zao. Anayesoma uzi huu akiwa Unguja au Pemba asichukue namba za Bara akaenda nazo kwa afisa wake.

Mzee wa Utumishi:
Sahihi kabisa, nashukuru.

Binti, sasa tarehe. Hapa ndipo maofisi mengi yanapogombana na mjane bure. Afisa utumishi atafungua kalenda ya ukutani: 2 Juni, miezi minne ni 2 Oktoba, siku kumi zaidi ni 12 Oktoba. Lakini miezi ya eda ni ya mwezi mwandamo, yenye siku 29 au 30. Miezi minne hiyo ni kama siku 118, ukiongeza 10 unapata kama 128, na siku ya 128 baada ya 2 Juni ni 8 Oktoba. Ustadhi atanisahihisha.

ustadh_kheri:
Hesabu yako iko karibu. Kifo kikiwa katikati ya mwezi kuna namna zaidi ya moja ya kukamilisha ule mwezi uliokatika, na wapo wanaokamilisha siku 130. Imamu wa msikiti wao ndiye awape tarehe moja kwa maandishi. Wasimpe mwajiri tarehe mbili.

Mzee wa Utumishi:
Hasa. Omba barua ya imamu au ya ofisi ya BAKWATA ya wilaya, fupi tu: jina la mjane, tarehe ya kifo, tarehe ya kutoka eda. Mwajiri ana haki ya kuomba uthibitisho wa kifo pia. Cheti cha RITA kinaweza kuchelewa, basi anzeni na kibali cha mazishi na mwahidi cheti kitafuata.

Halafu swali gumu kuliko yote, na sitalijibu mimi: je, anaruhusiwa kutoka mchana kwenda kazini? Ukilijua jibu lake ndipo utajua barua inaomba nini. Ustadhi?

ustadh_kheri:
Nitasema ninavyofundishwa, na najua wapo watakaotofautiana nami.

Asili ni kwamba mjane abaki katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Yupo sahaba, Furay'a bint Malik, aliyefiwa na mume naye akamwomba Mtume (s.a.w.) arudi kwa jamaa zake, kwa sababu mume hakumwachia nyumba yake mwenyewe wala matumizi. Aliambiwa akae humohumo mpaka muda utimie. Basi kulala kwake nyumbani ndilo jambo lenye mkazo.

Ama kutoka mchana kwa haja, wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafii wanaruhusu: kununua chakula, kwenda hospitali, kushughulikia mali yake, na kazi inayomlisha yeye na watoto kama hakuna anayewatosheleza. Arudi kabla ya usiku. Asijipambe, asijitie manukato, asivae dhahabu, asiende sherehe wala safari. Haja ndiyo inayompa ruhusa. Akiwa na mtu wa kumtosheleza, wapo wanaosema ruhusa hiyo haipo. Kwa hiyo dada yako amuulize sheikh anayeijua nyumba yake: nani analipa kodi, nani analipa ada.

Bi Rukia:
Wanangu, mimi nimekaa eda, niwaambie kitu ambacho hakimo kwenye vitabu wala sheria. Mjane anatoka. Anakwenda mahakamani kufungua mirathi, benki kuuliza akaunti ya marehemu, mfuko wa pensheni, shuleni kwa watoto. Hakuna anayemfanyia hayo yote. Mimi nilionekana benki saa nne asubuhi na mfanyakazi mwenzangu, na kabla ya adhuhuri ofisi nzima ilishaambiwa niko mjini natembea wakati nimesema niko eda. Bosi wangu alinipigia simu kwa hasira. Mtu niliyekuwa nimefiwa naye sijui kama hata udongo wa kaburi ulikuwa umekauka.

Binti, andika kwenye hiyo barua mapema kwamba dada yako anaweza kuonekana nje mchana kwa haja hizo. Usisubiri aulizwe.

Na jingine. Watu wa ofisini wakija kumwona, wanawake waje mchana, wanaume wakae nje na shemeji zake. Yule meneja alikuja mwenyewe, Mungu ambariki, lakini asije na kikao cha kazi sebuleni.

bintiSalha:
Bi Rukia, nimelia kusoma hapo pa benki. Kesho kutwa dada anatakiwa mahakama ya mwanzo na fomu za mirathi. Nitaandika.

Mzee wa Utumishi:
Bi Rukia amesema jambo ambalo nilikuwa silifahamu vizuri, na limo kwenye barua sasa. Nimekuandikia rasimu. Iweke kwenye lugha ambayo meneja anaisoma, usiongeze aya za dini, na isizidi ukurasa mmoja.

> Kwa Meneja,
>
> YAH: OMBI LA RUHUSA NA UTARATIBU WA KAZI KUFUATIA KIFO CHA MUME WANGU
>
> Mume wangu alifariki tarehe 2 Juni. Nakushukuru kwa kuja kutupa pole.
>
> Mimi ni Muislamu. Mwanamke wa Kiislamu anayefiwa na mume huingia katika kipindi kinachoitwa eda. Muda wake umewekwa na dini na ni uleule kwa kila mjane asiye mjamzito: miezi minne ya mwezi mwandamo na siku kumi. Kwangu mimi kipindi hiki kinakwisha tarehe 8 Oktoba, kama inavyoonyesha barua ya imamu iliyoambatishwa. Mimi na familia yangu hatuna uwezo wa kukibadilisha.
>
> Katika kipindi hiki ninalala nyumbani kwangu kila usiku, sisafiri, na sihudhurii sherehe. Kazi ya mikono na akili sikukatazwa. Ninaruhusiwa kutoka mchana kwa mambo ya lazima, kama mahakama ya mirathi, benki na hospitali, hivyo huenda nikaonekana katika maeneo hayo.
>
> Ninaomba yafuatayo. Siku 2 za malipo zilizobaki chini ya kifungu cha 34, tarehe 3 na 4 Juni. Likizo yangu ya mwaka, siku 20, kuanzia tarehe 5 hadi 24 Juni. Kuanzia tarehe 25 Juni hadi 8 Oktoba, nifanye kazi nikiwa nyumbani, nikianza na mishahara ya Juni. Vocha zinazohitaji saini ziletwe mchana mara moja kwa wiki, au mtu mwingine apewe mamlaka ya kusaini kwa kipindi hiki.
>
> Kama kufanya kazi nyumbani hakuwezekani, naomba likizo isiyo na malipo kwa siku zitakazobaki, na nafasi yangu ibaki.
>
> Naomba jibu kwa maandishi.

Angalia mambo mawili. Mishahara ya Juni imetajwa kwa makusudi, kwa sababu kichwani mwa meneja ndiyo hofu yenyewe: tarehe 28 ikifika, nani analipa watu? Barua ikiijibu hofu hiyo, maelezo ya eda anayasoma kwa utulivu. Na likizo isiyo na malipo imewekwa mwisho, iwe ya pili. Mjane asikose mume na mshahara mwezi mmoja kama kuna namna.

Kuhusu kwenda ofisini mchana, sikuandika. Hilo msilitoe mpaka sheikh amesema. Ukilitaja mapema litakuwa ndilo jibu la kwanza la meneja.

KijanaWaKazi:
Na kifungu cha ubaguzi je? Sheria inakataza kumbagua mfanyakazi kwa dini na hali ya ndoa. Si aandike hapo wakimkatalia anawapeleka CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi?

Mzee wa Utumishi:
Kifungu cha 7 kipo, na dini imo. Lakini kukataza ubaguzi hakumaanishi kila ibada ina likizo yake. Kingekuwa na nguvu kama wangempa ruhusa ndefu mfiwa wa dini nyingine wakamnyima yeye, au wangemfukuza kwa sababu ya eda. Akifukuzwa ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hilo mlijue. Ila kwenye barua ya kwanza, meneja aliyeleta rambirambi mwenyewe ukimtajia Tume, barua anaisoma mwanasheria, si yeye tena.

KijanaWaKazi:
Hapo nimekuelewa. Lakini bado naona tunawanyenyekea mno. Siku 2 kwa kufiwa na mume!

Mzee wa Utumishi:
Hasira yako ni ya haki. Ielekeze kwa wabunge na vyama vya wafanyakazi. Chama kikiwepo kwenye hiyo kampuni, eda inaweza kuwekwa kwenye mkataba wa hali bora, na sehemu nilizofanya kazi tuliwahi kuiweka.

bintiSalha:
Ndugu zangu, mrejesho. Barua ilikwenda Jumatatu ikiwa na barua ya imamu na kibali cha mazishi. Imamu aliandika tarehe 8 Oktoba.

Meneja ameniita nikaenda mimi. Alikuwa ameipigia mstari ile sentensi ya kazi ya mikono na akili. Ameniambia alidhani mjane anafungiwa chumbani haruhusiwi kuongea na mtu, na aliogopa hata kumpigia simu dada asije akavunja mwiko. Nikamwambia simu ya kazi mchana haina shida. Akauliza kama ampelekee maua ofisi ikienda kumwona, nikamwambia kwetu wakija wanawake wa ofisini mchana inatosha.

Jibu lao la maandishi ni hili. Siku 2 zimekubaliwa, likizo ya mwaka siku 20 imekubaliwa. Kazi ya nyumbani imekubaliwa kuanzia 25 Juni mpaka 31 Julai, vocha zitaletwa na karani wa kike kila Alhamisi. Kuanzia Agosti wanataka afike ofisini siku tatu kwa wiki, saa tatu hadi saa tisa, kwa sababu wakaguzi wa hesabu wanakuja na wanataka nyaraka zenyewe.

Sasa nyumbani ndiko kumekuwa na mvutano. Sheikh amesema kama mshahara wake ndio unaolipa kodi na ada, anaruhusiwa kwenda mchana. Mama mkwe hataki kabisa kusikia. Anasema mwanawe hajafikisha arobaini na mke anapangiwa siku za ofisi, na kwamba shemeji watachanga matumizi mpaka Oktoba. Dada yuko katikati, na hataki kumvunja moyo mama aliyezika mtoto.

ustadh_kheri:
Mama mkwe msimlaumu. Akichanga kweli, hukumu yenyewe inaweza kubadilika kama nilivyosema, kwa hiyo hajatoka nje ya dini. Ila ahadi ya kuchanga iandikwe kiasi na tarehe, ipelekwe kwa sheikh yuleyule aamue upya. Ahadi za msibani nyingi huwa ni za msibani.

Bi Rukia:
Mimi nakwenda kinyume kidogo na ustadhi. Dada yako aulizwe yeye anataka nini. Kuna mjane kazi inamtoa kwenye mawazo, na kuna mjane akikaa mbele ya watu wa ofisi anaanguka. Sheikh ameruhusu tu, hajamlazimisha kwenda.

Mzee wa Utumishi:
Kwa upande wa mwajiri, Agosti iko mbali. Asiikatae wala kuikubali leo. Atie saini kupokea barua, aandike chini kwamba utaratibu wa Agosti atauthibitisha kwa maandishi kabla ya 20 Julai baada ya ushauri wa kidini. Na aulize mapema kama wakaguzi wanaweza kupata nyaraka zilizopigwa picha, au boksi la vocha likaletwa nyumbani na kurudishwa kwa kusainiwa. Nimeona wakaguzi wakikubali hilo.

Mkiamua shemeji wachange na asiende, basi Agosti hadi 8 Oktoba inaweza kugeuka isiyo na malipo. Hapo ulizeni na michango ya NSSF, maana pasipo mshahara hakuna mchango wa miezi hiyo.

bintiSalha:
Nimeyaandika yote. Jioni hii nakaa na dada peke yetu kwanza, kabla ya mama mkwe na shemeji. Barua ya kupokea ataisaini kesho ikiwa na hayo maneno ya 20 Julai. La boksi la vocha nimeshamtumia meneja, amesema atawauliza wakaguzi.